Mitihani miwili ya seli T: Ukifeli mmoja tu, hutoki thaimasi

Soja wa ploti anaweza kukuangusha kwa njia mbili. Kuna yule asiyejua kusoma kitambulisho, mwizi anapita akimtazama tu. Halafu kuna mwenye hasira za bure, anayewarukia hata wapangaji. Mwili wako una walinzi wanaoitwa seli T, na kabla ya kuanza kazi hupimwa kwa makosa yote mawili.

Upimaji huo hufanyika kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa haina kazi ya maana. Kisha mwaka 1961, mtafiti Jacques Miller alionyesha kwamba panya wanaoondolewa tezi hiyo punde baada ya kuzaliwa hukosa kinga.

Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa na kuhamia thaimasi. Huko, kila moja hujitengenezea kipokezi chake kwa kukata na kuunganisha vipande vya jeni kwa kubahatisha. Bahati nasibu hiyo huupa mwili vipokezi vya kila aina, hata vya kutambua virusi ambavyo haujawahi kukutana navyo. Lakini pia hutoa seli butu na seli hatari.

Mtihani wa kwanza: Je, unaona chochote?

Seli T haioni virusi moja kwa moja. Seli za mwili hukatakata protini zilizomo ndani yake, kisha huweka vipande hivyo nje juu ya molekuli za HLA, mfano wa chakula kwenye sinia. Seli T husoma kipande kikiwa juu ya sinia tu, na masinia hayo hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Kwa hivyo, katika sehemu ya nje ya thaimasi, seli changa inaulizwa swali moja: unaweza kushika sinia la nyumba hii, hata kidogo? Ikishindwa, hainyongwi na mtu. Inakosa tu ishara ya kuendelea kuishi, na baada ya siku chache inakufa. Seli nyingi huishia hapa.

Umuhimu wa hatua hii unaonekana kwa watoto wachache wanaozaliwa bila HLA za daraja la pili, ambazo husomwa na seli za CD4, zilezile zinazoshambuliwa na virusi vya Ukimwi. Thaimasi ipo na seli changa zinafika, lakini hakuna sinia la kufanyia mtihani. Matokeo yake ni CD4 chache, na maambukizi ya mapafu na tumbo yasiyoisha tangu utotoni. Hata wakipandikizwa uboho wa mtu mwingine, mara nyingi CD4 hubaki chini, kwa sababu thaimasi yenyewe bado haina masinia hayo.

Mtihani wa pili: Je, una hasira na wenyeji?

Waliopita husonga hadi sehemu ya ndani. Sasa kosa limegeuka: anayeshika sinia lenye kipande cha mwili wenyewe kwa nguvu kupita kiasi, huamriwa kujiua.

Lakini hapo kuna swali gumu. Insulini hutengenezwa kwenye kongosho, si kifuani. Thaimasi itampimaje mlinzi kama anaweza kuishambulia? Jibu ni jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997. Huwezesha seli fulani za thaimasi kutengeneza kiasi kidogo cha protini za viungo vingine, ikiwemo insulini, ili zitumike kama maswali ya mtihani.

AIRE ikiharibika, maswali hayo hukosekana na seli zenye hasira hupita. Mwaka 2002, panya walioondolewa jeni hiyo walipatikana na seli za kinga zikivamia macho na tezi za mate. Kwa binadamu, hali hiyo huitwa APECED, na hutokea zaidi nchini Finland na kisiwani Sardinia kuliko kwingi. Mara nyingi mtoto huanza na ukungu mweupe mdomoni usiokoma. Kisha kinga huharibu tezi za shingoni zinazodhibiti kalsiamu, naye anapata mikazo ya misuli. Baadaye zamu huwa ya tezi zilizo juu ya figo. Daktari anayeona mawili kati ya hayo matatu hushuku APECED, na kupima jeni huthibitisha. Homoni na madini yaliyopungua hurudishwa kwa dawa, kwa kawaida maisha yote.

Mwishowe, chini ya seli 5 kati ya 100 hutoka thaimasi zikiwa hai. Ni wale wa katikati: wanaolishika sinia, lakini si kwa fujo. Hata hivyo wachache wenye hasira huponyoka, na hao hutulizwa na seli T nyingine maalum ambazo kazi yao ni kuwazuia wenzao.

Thaimasi hufanya kazi kubwa zaidi utotoni. Umri ukisonga, nafasi yake huchukuliwa polepole na mafuta na wahitimu wapya hupungua. Kwa hivyo walinzi wengi utakaowategemea uzeeni ni vizazi vya wale waliopita mitihani ukiwa bado mdogo.