Maji Yakiingia Ghalani, Ripoti Iseme Nini?

"Maji yameingia ghalani, mali nyingi imeharibika." Ujumbe kama huu haumsaidii mwenye mali wala mkadiriaji hasara wa bima. Hausemi maji yalifika wapi, saa ngapi, wala yalipitia wapi.

Tuchukue mfano wa ghala la saruji na mchele katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mvua kubwa inaanza saa 6 usiku. Saa 8, mtunza ghala anazima umeme kwenye swichi kuu iliyo pakavu, kisha anapima kina cha maji. Mlangoni anapata sentimita 6, kona ya nyuma 14. Sakafu imeinama kuelekea nyuma, na kwa hiyo kipimo cha mlangoni peke yake kingedanganya. Anachora mstari ukutani, anaandika saa pembeni yake, na kila nusu saa anarudia.

Mvua inakatika saa 10 alfajiri. Maji ya kona yanazidi kupanda mpaka saa 11, yanafika sentimita 20. Kwangu mimi, saa hiyo moja ndiyo yenye thamani kuliko yote katika ripoti. Kama tatizo lingekuwa paa linalovuja, maji yasingeendelea kupanda mvua ikiwa imekatika. Haya yanatoka nje.

Mtaro wa nyuma unathibitisha. Kina chake ni sentimita 60, lakini fimbo inaonyesha mchanga na taka vimejaa 35. Nafasi iliyobaki ni 25 tu, na chupa zinazoelea zinatoka mtaroni kuja ghalani. Kuzibua mtaro kutasaidia, ila huenda kusitoshe: Msimbazi unaingia baharini karibu na daraja la Selander, na bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, maji ya mto huchelewa kutoka. Ripoti itaje na saa ya maji kujaa baharini.

Sasa mali. Chaga zinainua mzigo sentimita 15. Mlangoni maji yaliishia 12, hivyo mirundo ya huko imepona. Kona ya nyuma yalipita chaga kwa sentimita 5, yakalowesha safu ya chini ya mirundo 8 ya saruji. Kila safu ina mifuko 5, kwa hiyo ni mifuko 40. Mchele unataka mkono, maana gunia hufyonza maji na kuyapandisha juu ya alama ya ukutani. Kila gunia lishikwe. Lililoguswa na maji ya mtaro lisianikwe kwa ajili ya kuuzwa, kwani maji hayo huchanganyika na ya vyoo.

Kilicholowa kitengwe, kipigwe picha pamoja na futi ya kupimia, na kisitupwe kabla mkadiriaji hajakiona. Baada ya siku chache saruji ihesabiwe upya. Mifuko ya safu ya pili iliyoonekana mikavu ibonyezwe pembeni. Iliyoshika unyevu itakuwa imeanza kuganda, na idadi yake iongezwe kwenye ripoti pamoja na tarehe ya hesabu hiyo.