Je, Wajua? Lori limeuzwa kwa hasara, kodi imekuja kwa faida

Je, wajua kwamba kampuni inaweza kununua lori kwa shilingi milioni 120, kuliuza miaka mitatu baadaye kwa milioni 70, na bado mamlaka ya kodi ikaona kuna faida ya karibu milioni 20? Hakuna aliyekosea hesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 ndivyo inavyotaka.

Je, wajua faida hiyo inatoka wapi? Kila mwaka sheria humruhusu mfanyabiashara kupunguza mapato yake kwa kiasi cha uchakavu wa mali anayoitumia kazini. Malori makubwa yamo katika daraja la pili, ambalo kiwango chake ni asilimia 25 ya thamani iliyobaki. Tuchukue lori hilohilo lililonunuliwa mwaka 2022. Mwaka wa kwanza uchakavu ni milioni 30, zinabaki 90. Mwaka 2023 ni milioni 22.5, zinabaki 67.5. Mwaka 2024 ni kama milioni 16.9, na thamani ya kikodi inafika milioni 50 na laki sita na ushee. Mwaka 2025 dalali anamleta mnunuzi mwenye milioni 70. Tofauti, shilingi 19,375,000, inaingizwa kwenye mapato ya biashara ya mwaka huo, na kwa kampuni inayotozwa asilimia 30 kodi yake ni takriban milioni 5.8.

Ukiona ni uonevu, jumlisha tena. Kwa miaka mitatu kampuni ilikatiwa uchakavu wa milioni 69 na laki tatu na ushee. Lakini lori lenyewe, kati ya kununuliwa na kuuzwa, lilipoteza milioni 50 tu. Kampuni ilipewa punguzo la kodi kwa uchakavu ambao haukutokea, na siku ya mauzo ile ziada inarudi. Toa ziada kwenye uchakavu uliokatwa, unabaki na milioni 50 kamili.

Je, wajua kwamba vitabu vya kampuni vinaweza kusema kinyume kabisa? Tuseme mhasibu amelipangia lori lile maisha ya miaka 10, akikata milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu vitabu vinaonyesha milioni 84. Akiliuza kwa 70, anaandika hasara ya milioni 14, na kwa upande wa vitabu yuko sahihi. Kasoro huanza pale hasara hiyo inapopita moja kwa moja mpaka kwenye ritani ya kodi. Inatakiwa irudishwe juu kwanza, sawa na uchakavu wa vitabu unavyorudishwa, kisha ziada ya kikodi ndiyo iingizwe. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: ukikuta mstari wa hasara ya kuuza mali kwenye hesabu za mwaka, na hakuna mstari wa kuirudisha kwenye ukokotoaji wa kodi, mkaguzi akifika ataanzia hapo.

Je, wajua kwamba lori haliangaliwi peke yake? Hili ndilo wengi hulipita, na mimi naliona kuwa ndilo tamu kuliko yote. Mali za daraja moja huwekwa kwenye fungu moja. Lori likiuzwa, bei yake hutolewa kwenye fungu zima. Hakuna anayeuliza lile lililouzwa lilikuwa limebakiwa na thamani gani. Ziada hugeuka mapato pale tu bei ya mauzo inapolizidi fungu lote, kama ilivyokuwa kwa lori letu lililokuwa peke yake kwenye fungu.

Kwa hiyo turudie mauzo yaleyale ya mwaka 2025, ila safari hii kampuni inanunua lori jingine la milioni 100 na kuliingiza kazini mwezi Novemba. Fungu linakuwa na milioni 50.6 za zamani na 100 mpya, jumla 150.6. Toa 70 za mauzo, zinabaki 80.6. Hakuna ziada. Badala ya kulipa kodi ya milioni 5.8, kampuni inapata uchakavu mpya wa asilimia 25, yaani kama milioni 20, wa mwaka mzima ingawa lori limefanya kazi miezi miwili. Ununuzi huohuo ukisogea hadi Januari 2026, fungu la 2025 linakuwa tupu mwisho wa mwaka na kodi inadaiwa. Hapa nazungumzia kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba. Tarehe ya lori kuingia kazini inaweza kuzidi uzito ujuzi wa kupatana bei.

Kodi hiyo haijafutwa, imesogezwa mbele. Ile ziada imelipunguza fungu, kwa hiyo uchakavu wa miaka inayofuata ni mdogo kuliko ambavyo ungekuwa. Siku kampuni itakapouza lori la mwisho na kulifunga fungu, hesabu yote itafanywa mara moja: bei ikizidi kilichobaki ni mapato, ikipungua ni punguzo. Ndiyo maana kampuni zinazofunga biashara hushtuka mwaka wa mwisho.

Je, wajua kwamba lori dogo lisilofika tani saba hukumbwa na jambo hili upesi zaidi? Limo daraja la kwanza, kiwango asilimia 37.5. Baada ya miaka mitatu thamani yake ya kikodi haifiki hata robo ya bei ya kununulia, wakati sokoni gari likitunzwa vizuri huuzwa kwa bei ya juu kuliko hiyo.

Je, wajua kwamba lori likiteketea kwa moto, fidia ya bima inahesabiwa kama bei ya kuuzia? Kuharibika na kupotea nako, kisheria, ni kuachana na mali.

Na likiuzwa kwa bei inayozidi hata ile ya kununulia? Tanzania ziada yote huenda kwenye mapato ya biashara. Marekani wanaigawa: sehemu inayofikia bei ya kununulia hutozwa kama mapato ya kawaida, na inayopita hapo huweza kupata kiwango nafuu cha faida ya mtaji. Kanuni hiyo waliitunga mwaka 1962, kifungu cha 1245. Kabla yake, mtu aliyekuwa ngazi ya juu alikata uchakavu dhidi ya mapato yanayotozwa hadi asilimia 91, kisha akauza mashine na kulipia faida yake asilimia 25 tu. Ni mwanya ambao hata asiye mhasibu angeuona.

Je, wajua kwamba kuuza kwa mkopo hakuiahirishi kodi hii kwa kampuni? Kampuni huhesabu mapato pale haki ya kulipwa inapopatikana. Mnunuzi akikubali milioni 70 kwa awamu za miaka miwili, zote 70 zinatolewa kwenye fungu mwaka wa mauzo, na kodi inaweza kudaiwa kabla fedha zenyewe hazijafika. Muuzaji mwenye akili huhakikisha malipo ya awali yanatosha walau kuilipa kodi hiyo.

Je, wajua kwamba mkurugenzi akilitoa lori bure kwa shemeji yake, fungu halipunguzwi kwa sifuri? Linapunguzwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, na kodi, kama ipo, inabaki kwa kampuni. Shemeji yeye kaondoka na lori.