Kilo Nne Kwa Wiki? Manze, Hizo Si Mafuta

Kuna morio wa mbogi yetu, mresi wa mtaa, aliamua Jumatatu moja ati kitambi lazima kiishe. Akakata ugali, chapo na soda, akabaki na mayai, sukuma na avokado, supa anaruka. Mzani ulikuwa umesoma kilo 88. Jumatatu iliyofuata ukasoma 83.6. Jamaa akaanza kutembea mtaani kama ameomoka, kila msee anaambiwa amechoma kilo nne na nusu za mafuta.

Sasa wacha tupige hesabu pole pole, juu hapa ndio wasee wengi hudanganyika. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kama kalori 7,700. Msee wa saizi yake, anaenda job na kurudi na miguu, anachoma tuseme kalori 2,500 kwa siku. Kwa hiyo dishi yake mpya alikuwa anapata kama 1,500. Anabaki na shoti ya 1,000 kila siku, siku saba ni 7,000. Gawanya na 7,700, unapata kitu kama gramu 900. Hata kilo moja haijafika! Na hizo kilo tatu na nusu zingine zimeenda wapi?

Mob ziliishia chooni. Mwili huweka akiba ya wanga kwa misuli na kwa ini, inaitwa glaikojeni, na kwa mtu mzima inaweza kufika nusu kilo hivi. Shida ni hii glaikojeni haikai pekee yake. Kila gramu moja inashikilia kama gramu tatu za maji, ni kama sponji. Ukikata ugali na chapo, mwili unakula hiyo akiba siku mbili tatu za kwanza, na maji yake yanatoka nayo. Hapo tu unaweza poteza karibu kilo mbili na hujachoma mafuta ya maana. Alafu ukipunguza wanga, insulini inashuka, figo zinaanza kuachilia chumvi, na chumvi haitokangi bila maji. Ndio maana wiki ya kwanza msee anakojoa kama amekunywa keg, na kichwa inazunguka akisimama haraka. Ongeza na tumbo yenyewe: ukila kidogo, kuna dishi kidogo ndani ikingoja kutoka, na mzani unapima hiyo pia.

Utajuaje ni maji? Hurudi mbio vile yaliondoka. Huyo morio aliitwa ruracio Jumamosi, akapiga pilau, chapo na soda bila huruma. Jumatatu mzani ukasoma 85.4. Akalia ati amenona kilo mbili kwa wikendi. Zii. Ndio aongeze kilo 1.8 ya mafuta angehitaji karibu kalori 13,900 juu ya zile mwili ulikuwa unachoma. Chapo moja ya mtaa ukiipa kalori 300, hizo ni chapo zaidi ya 45 za ziada. Hata wajomba wa ruracio hawawezani. Alijaza tu sponji, basi.

Hapo ndio naonanga wale wa kukimbia na karatasi ya nailoni tumboni wanajitesa bure. Jasho ni maji, ukikunywa chupa mbili imerudi. Mabondia hufanya hivyo kabla ya kupimwa kilo, lakini wao wanajua wanacheza na mzani, na baada ya kupimwa wanayarudisha. Na zile chai za kukondesha, nyingi huwa na senna, dawa ya kuharisha. Inafagia matumbo, mafuta yako hata haiyagusi.

Sasa tuje kwa misuli, hapa ndio kuna noma yenyewe, na wachache hubonga juu yake. Robo tatu ya msuli ni maji. Kwa kilo moja ya msuli protini ni kama gramu 200, na protini hutoa kalori nne kwa gramu. Hiyo ni kama kalori 800 tu, weka hizo kando ya 7,700 za mafuta. Kumaanisha mwili ukiwa na njaa na ukaanza kula misuli, lazima ule kilo mingi ndio upate nguvu kidogo. Mzani utashuka kwa kasi poa sana, na wewe utapiga shangwe ukijikula mwenyewe.

Mzani hauwezi kukuonyesha tofauti, hata ile ya skrini inayosoma asilimia ya mafuta. Hiyo inatuma stima kidogo sana kupitia nyayo alafu inakisia. Ukiwa umekauka maji, stima inapita kwa shida, na inaweza kukusomea ati mafuta yameongezeka. Tumia tepi ya fundi wa nguo. Pima kiuno kwa kitovu, ukishatoa pumzi, asubuhi kabla ya kudishi. Pima pia mkono na paja, mahali palepale kila wiki. Kiuno kikipungua na mkono umekaa vile ulikuwa, mafuta yanaenda. Mkono na paja zikikonda na kitambi kiko palepale, cheki dishi yako.

Alafu angalia nguvu. Kama ulikuwa unapiga pushapu 30 na sasa 20 zinakumaliza, kuna kitu. Lakini usikimbilie kusema misuli imeisha, juu wiki ya kwanza bila wanga kila msee hulegea. Kula ugali ama viazi kawaida siku mbili, lala vizuri, jaribu tena. Nguvu ikirudi, ilikuwa glaikojeni. Kama bado uko chini, na imekuwa hivyo wiki tatu nne mfululizo, hapo misuli inaenda kweli. Mara nyingi ni juu shoti ya dishi ni kubwa sana, protini ni kidogo, na mazoezi ni kukimbia tu. Inua vitu vizito, hata mtungi wa maji wa lita 20, na usikose mayai, madondo ama omena kwa sahani. Mwili huachilia msuli ule hautumiki.

Kupima nako, panda mzani kila asubuhi ukitoka chooni, uchukue avareji ya siku saba, uilinganishe na ya wiki iliyopita. Madem wakumbuke maji hupanda kabla ya siku zao, kwa hiyo linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Wiki mbili za kwanza usizihesabu. Baada ya hapo, msee wa kilo 84 akishusha kati ya nusu kilo na gramu 800 kwa wiki, na kiuno kinapungua, hiyo ni mafuta.

Hizi zote ni za mtu ameamua kukonda. Kama hujabadilisha dishi na kilo zinaisha zenyewe, tuseme nne kwa miezi sita kwa msee wa 80, usisherehekee. Ukiwa na kiu haiishi na unakojoa sana, pimwa sukari. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku, enda upimwe tibii kwa hosi ya serikali, ni bure.