Farasi wenye mabawa na duara tatu

Farasi wote wenye mabawa ni farasi. Farasi wote wenye mabawa wana mabawa. Kwa hiyo, baadhi ya farasi wana mabawa. Madai mawili ya kwanza hayapingiki, lakini hitimisho ni uongo.

Tuichore hoja hii kwa njia aliyoichapisha Mwingereza John Venn mwaka 1880. Chora duara tatu zinazoingiliana: farasi, vyenye mabawa, na farasi wenye mabawa. Kivuli maana yake hapa hakuna kitu. Alama ya x, kuna angalau kimoja. Dai la kwanza linatia kivuli sehemu ya duara la tatu iliyo nje ya farasi. La pili linatia kivuli sehemu yake iliyo nje ya vyenye mabawa. Sasa tazama katikati, duara zote zinapokutana: hakuna kivuli, lakini hakuna x pia. Hitimisho linadai x ambayo hakuna aliyeiweka.

Aristotle aliikubali hoja ya umbo hili, nami naona si kwa uzembe: kwake, “wote” ilibeba dhana kwamba wapo. Wanamantiki wa leo wanataka dhana hiyo itamkwe. Badilisha farasi wenye mabawa kwa punda milia, ongeza dai “punda milia wapo”, na x inapata mahali pake.