Haki ya Kukusanyika: Taarifa Si Kibali

Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani. Je, waandamanaji wanahitaji kibali cha polisi?

Zamani walihitaji. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti la kibali linapingana na Katiba. Baadaye sheria ilibadilishwa, ikadai taarifa tu: ya maandishi, kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo, angalau saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na lengo.

Polisi wanaweza kuzuia wakiridhika kwamba mkusanyiko unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama wa umma au kutumika kwa jambo lisilo halali.

Mfano: wachuuzi wa soko wanataka kuandamana Ijumaa kupinga ushuru mpya, nao wanapeleka barua Jumatatu. Mkuu wa polisi akizuia kwa kusema tu "hamna kibali", hana msingi wa kisheria. Akizuia kwa sababu amepata habari kuwa baadhi yao watabeba mapanga, anao. Wasioridhika wanaweza kukata rufaa kwa Waziri. Maandamano yakianza kwa amani, kisha mawe yakarushwa, polisi wanaweza kuamuru watu watawanyike.

Kwenye mtihani, usiandike "kuomba kibali". Andika "kutoa taarifa", kisha taja sababu ya kuzuia.