Namba Sahihi kwa Hatua Mbili

Vekta nyingi zikizidishwa kwa matriksi hubadili uelekeo. Chache hubaki kwenye mstari wake, zikirefuka au kufupika tu. Kiasi cha kurefuka huko huitwa thamani maalumu. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu kuhusu sauti mwaka 1877, alizitafuta thamani za aina hii ili kujua mitetemo ya vitu. Alikisia umbo la mtetemo, kisha akakokotoa uwiano ambao leo una jina lake:

```
μ = (v·Av) / (v·v)
```

Tuchukue matriksi A yenye 2 na 1 katika safu ya kwanza, 1 na 3 katika ya pili. Ni linganifu, kwa kuwa zile 1 mbili zinatazamana kuvuka ulalo. Tukikisia v = (1, 1), uwiano unatoa 3.5.

Sasa punguza 3.5 kwenye kila namba ya ulalo, halafu tafuta w ambayo matriksi mpya huigeuza kuwa (1, 1). Jibu ni (6, 10), yaani uelekeo wa (3, 5), na uwiano wake ni 3.617647. Rudia kwa makadirio hayo mapya: unapata (233, 377), na uwiano unafika 3.6180339887, tarakimu zote hizo zikiwa sahihi.

Anayezijua namba za Fibonacci atakuwa ameshazitambua. Mfuatano umeruka kutoka (1, 1) hadi (3, 5), kisha (233, 377), na kila mruko ni mara tatu ya uliotangulia. Njia ya kuzidisha kwa A tu, bila kupunguza chochote, ingehitaji hatua 12 kufikia usahihi huo.

Siri iko kwenye uwiano. Katika matriksi linganifu, vekta ikikosea kwa 0.01, uwiano hukosea kwa kiasi cha 0.0001 tu, mraba wa kosa la kwanza. Kosa la vekta hupungua kwa kadiri makadirio yalivyo karibu na thamani ya kweli, hivyo kosa lenyewe huzidishwa kwa mraba wake na kuwa mchemraba. Ulinganifu ukikosekana, kwa kawaida hubaki mraba tu.

Lakini njia haichagui thamani unayoitaka wewe. Ukianza na (1, 0), uwiano wa kwanza ni 2, unaofuata ni 1.5, na safari inaishia 1.381966, thamani nyingine ya matriksi hiyohiyo. Tena kila hatua inadai mlinganyo mpya utatuliwe, mzigo mkubwa kwa matriksi yenye maelfu ya safu.

Kadiri μ inavyokaribia jibu, mlinganyo huo hukaribia kutotatulika, na w huvimba kupita kiasi. Wengi hushtuka hapo. Mwaka 1979 Peters na Wilkinson walieleza kwa nini hakuna hatari: kosa la kompyuta huangukia karibu lote kwenye uelekeo uleule unaotafutwa, hivyo ukishaifupisha w iwe na urefu wa 1, uvimbe huo hauachi athari.