Saa sita ya jua Bomang'ombe

Katikati ya Juni, simamisha kijiti cha mita 1 kwenye uwanja wa shule pale Bomang'ombe. Saa 6:00 mchana utadhani kivuli kimefika mwisho wa kufupika, lakini kitaendelea kupungua mpaka karibu saa 6:32. Hapo kitabaki kama nusu mita, kimeelekea kusini moja kwa moja. Saa yako ni nzima. Dakika 32 hizo zimeletwa na longitudo.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Saa ina dakika 60. Gawa kwa 15, upate dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, ambayo haigusi Tanzania hata kidogo: inapita karibu na Mogadishu. Bomang'ombe ipo kama nyuzi 37 Mashariki. Basi 45 − 37 = 8, na 8 × 4 = 32.

Sasa twende Kigoma, karibu nyuzi 29.5 Mashariki. Tofauti na Bomang'ombe ni 7.5, na 7.5 × 4 = 30. Jua hutangulia mashariki, kwa hiyo anayekwenda magharibi hupunguza: saa 6:00 ya jua Bomang'ombe ni saa 5:30 ya jua Kigoma. Saa za mkononi husoma sawa kote kuwili, ila Kigoma giza huingia nusu saa baadaye hivi.

Wengi hukosea swali likivuka Greenwich. New York ipo nyuzi 74 Magharibi, na mwanafunzi aliyezoea kutoa ataandika 74 − 37. Lakini kutoka Bomang'ombe hadi nyuzi 0 ni 37, kisha 74 nyingine mbele yake. Hapa tunajumlisha: 111. Zidisha kwa 4, upate dakika 444, ambazo ni saa 7 na dakika 24.

Ukitaka kutoa 7:24 kwenye saa 6:00 yetu ya mchana utakwama. Igeuze kwanza iwe 12:00 ya mfumo wa saa 24. 12:00 − 7:24 = 4:36, ambayo kwa Kiswahili ni saa 10:36 alfajiri. Hiyo ni saa ya jua. Saa za ukutani za New York zina utaratibu wake.

Na kwa nini nilisema Juni? Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama, hivyo jua huwahi au huchelewa kidogo kadiri mwaka unavyokwenda. Katikati ya Juni tofauti hiyo ni karibu sifuri. Ukirudia jaribio mwanzoni mwa Novemba, jua litafika kileleni karibu saa 6:16. Katikati ya Februari, karibu saa 6:46.